Barua Iliyomtoa Mwinjilisti Wetu

Tangazo lenyewe alilisoma mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa mwinjilisti wa mtaa wetu huku Mabira, Kyerwa, na kwa desturi ya kanisa letu la Kilutheri mwinjilisti husoma matangazo pale mchungaji anapokuwa ameshikwa na ibada ya mtaa mwingine. Alisoma habari za mnada wa mavuno, akasoma za semina ya akina mama, kisha akaifungua karatasi iliyotoka ofisi ya jimbo. Chuo cha theolojia kilikuwa kinapokea maombi. Mwombaji awe mshiriki hai, awe amehudumu usharikani, alete barua ya siri kutoka kwa mchungaji wake, na asiwe amevuka umri uliotajwa. Alipoufikia umri huo sauti yake ilisita. Washarika walidhani amepoteza mstari. Mimi, niliyekuwa nimeketi upande wa wanaume karibu na mbele, nilijua kwamba hakupoteza kitu. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Mchana ule tuliketi nyuma ya nyumba tukimenya ndizi. Watoto wetu wamekwisha kuwa watu wazima na kila mmoja ana mji wake, kwa hiyo sufuria letu lilikuwa dogo na hapakuwa na haraka.

"Umesikia tangazo?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

"Nasema unamenya nene mno. Unatupa nusu ya ndizi."

Akacheka. "Basi jiandae, Mwalimu. Utakuja kumenya mwenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyoombwa ruhusa, na hivyo ndivyo nilivyoitoa. Watu wa siku hizi wanaamini kwamba jambo lisiloongelewa kwa maneno mengi halijaongelewa. Mimi na mke wangu tumeishi miaka yetu yote kwa mazungumzo mafupi, na sikumbuki jambo kubwa lililotushinda kwa kukosa urefu.

Kinachosemwa kidogo kati ya wawili, hata hivyo, sharti kisemwe kirefu mbele ya kanisa. Maombi yake yalipita kwanza kwa wazee wa mtaa, yakapanda kwenye baraza la wazee la usharika. Huko niliitwa, kwa sababu chuo kilidai saini ya mwenzi wa ndoa, na wazee hawakutaka kuiona saini tu. Walitaka kuniona uso.

"Mwalimu," akaniuliza mzee mmoja mwenye kibanja cha migomba jirani na chetu, "umeelewa kwamba ni miaka, si wiki ya semina?"

"Nimeelewa."

"Na utakula nini?"

"Nitakula ninachopika."

"Waitu, ndugu yetu, tutakuzika!" akasema, na baraza zima likacheka, na mimi nikacheka pia, kwa maana ilikuwa afadhali kucheka.

Nilitia saini. Cheti chake cha ubatizo kilikuwepo, cha kipaimara kilikuwepo, cha ndoa kilikuwepo. Baraza likampitisha bila pingamizi, na muhtasari ukaandikwa. Ilibaki barua ya mchungaji.

Hapa sina budi kueleza msimamo wangu juu ya barua za namna hiyo. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa muda wa kutosha kuzipokea na kuziandika, na nimeona jinsi zilivyooza. Kila anayeombewa nafasi leo ni mchapakazi, ni mwadilifu, ana ari na ana kipawa cha uongozi. Sentensi zilezile hunakiliwa kutoka barua moja hadi nyingine, na jina ndilo linalobadilika. Anayesifu kila mtu hamjui yeyote. Barua ya kumshuhudia mtu ni kiapo, na anayeapa kwa maneno ya kuazima anadanganya hata kama anachokisema ni kweli. Kwa hiyo nilifurahi kwamba barua ya mke wangu ingeandikwa na mchungaji wetu, mzee wa Nyabiyonza aliyekaribia kustaafu, ambaye hakuwahi kuazima neno la mtu. Ndiye aliyemfundisha mke wangu kipaimara alipokuwa msichana. Ndiye aliyetufungisha ndoa. Alipopangiwa usharika wetu uzeeni, mke wangu alimpokea kama binti anavyompokea baba aliyerudi kutoka safari.

Aliiandika kwa mkono, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi na kugonga muhuri wa usharika juu ya kifuniko, nusu huku na nusu huku, ili atakayeifungua njiani ajulikane. Bahasha ikaenda jimboni pamoja na fomu, na kutoka huko ikaendelea na safari yake. Mimi na mke wangu hatukujua kilichomo, wala haikutupasa kujua.

Tukangoja. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na jioni tulikuwa tukiukusanya mkeka uliokuwa na buni kabla umande haujashuka. Nilijikuta nikimtazama mke wangu akiinama kuiokota buni iliyodondoka nje ya mkeka, moja moja, kama kawaida yake, na nilijua kwamba nimekwisha kuanza kumkosa mtu ambaye bado yuko mbele yangu. Sijasoma kitabu kinachoieleza hali hiyo vizuri. Ni njaa inayokuja ukiwa mezani.

Kisha mchungaji akapiga simu. Alitaka tufike ofisini kwake wote wawili, siku ileile. Tulipanda bodaboda mbili. Yangu ilikuwa nyuma, na njia nzima nilikuwa nikitazama kitenge cha mke wangu kikipepea katika vumbi jekundu.

Tulimkuta mchungaji amekaa bila kofia, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Shikamoo, Baba Mchungaji."

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Nimeua."

"Umeua nini, Baba?" mke wangu akauliza.

"Maombi yako. Mkuu wa Jimbo kanipigia asubuhi. Chuo kimeyarudisha. Wanasema mchungaji wake mwenyewe hamtaki." Akapiga meza kwa kiganja. "Mimi! Mimi simtaki! Nimeandika barua ambayo sijamwandikia mtu mwingine tangu nivikwe kola hii!"

Alisema kwamba Mkuu wa Jimbo amewasihi wangoje, nao wamekubali kupokea barua nyingine, ila isipofika kabla ya kamati yao kukaa wiki ile, nafasi imekwenda. Mwaka mwingine hakuwa nao. Mke wangu alikunja mikono yake mapajani.

"Uliandika nini, Baba?" nikauliza.

"Barua ilikuwa siri. Sasa nimeruhusiwa kuwasomea, maana kosa likishatangazwa siri yake inabaki na faida gani?" Akatoa nakala aliyokuwa ameihifadhi katika faili, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya ibada. Nayakumbuka maneno yake karibu yote.

Aliandika kwamba huyu ni mtoto wetu, tumemlea kwa uwezo wetu mdogo. Hajui mengi, tulichokuwa nacho ndicho tulichompa. Ana ugumu wa masikio, hasa anapoambiwa apumzike. Anaongea kidogo, msidhani amenuna. Chakula chetu ni cha kijijini, kwa hiyo mumvumilie akishangaa chenu. Tunawakabidhi akiwa mzima. Akikosea, msimpige, mturudishie.

Kwa mtu aliyekulia Karagwe au Kyerwa, hakuna haja ya maelezo. Hayo ndiyo maneno ya baba anayemtoa binti yake kuolewa. Wageni wanapokuwa wamekwisha kutafuna kahawa na wamekaa kimya kumsikiliza, baba wa kwetu hasimami akasema binti yangu ni hodari. Kumsifu wa kwako mbele ya wageni ni kumpigia debe kama mbuzi wa mnadani. Humpunguza, humwonea haya, huwaomba radhi wakwe kwa vitu alivyokosa. Na kila anavyozidi kumpunguza, ndivyo wasikilizaji wanavyoelewa kwamba kinachomtoka ni moyo wake mwenyewe. Na hilo la mwisho, mturudishie, ndilo kubwa kuliko yote. Maana yake ni kwamba mlango wa nyumba hii hautafungwa kwake milele.

Wale waliokaa chuoni wakiisoma barua hiyo hawakuwa watu wa huku. Waliona mwombaji asiyejua mengi, mkaidi, mnunaji, ambaye mchungaji wake anatazamia atafukuzwa. Siwalaumu. Nami ningeisoma hivyo, kama ingetoka kwa mtu wa kabila nisilolijua.

Nilimgeukia mke wangu, nikitazamia kumwona ameumia. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini alikuwa akitabasamu.

"Baba," akasema, "wakati naolewa baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Aliyenitoa alikuwa mjomba, naye alikuwa amelewa rubisi, akasahau maneno." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Sikuwahi kusemewa hayo mpaka leo."

Mzee akavua miwani na kuanza kuifuta, na aliendelea kuifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Sasa hayo machozi yako hayatakuingiza chuoni," akasema hatimaye. "Mwalimu! Wewe ni mtu wa Kiswahili. Nisaidie maneno ya hao watu. Niambie, mimi niandike."

"Hapana, Baba Mchungaji."

"Hapana nini?"

"Barua ni ushuhuda wako. Mimi ni mume wa anayeshuhudiwa. Nikikupa hata sentensi moja, nimejiandikia mwenyewe na kuugonga muhuri wa kanisa."

"Nani atajua?"

"Sisi watatu."

Alinitazama kwa hasira, kisha akamtazama mke wangu. "Umeishije na mtu huyu?"

"Kwa neema," mke wangu akajibu, na mzee akacheka akakohoa.

Sikukataa kwa ukali tu, ingawa najua nina sifa hiyo na sijaihangaikia. Nilijua pia kwamba maneno yangu yasingekuwa safi. Nusu yangu ilitaka aende, kwa sababu nilikuwa nimesikiliza mahubiri yake katika kanisa la mabati lisilo na dari na nikajua kwamba ana kitu kinachostahili kulishwa. Nusu ya pili ilikuwa imeisikia habari ya maombi kurudi, na kwa muda wa kuvuta pumzi ilikuwa imefurahi. Mtu wa nusu mbili asishike kalamu ya kiapo.

"Ila naweza kusema hili," nikamwambia. "Wewe kusifu hujui, na usijifunze leo. Kuona unajua. Waandikie ulichokiona kwa macho yako, mahali ulipokiona. Sifa watazitoa humo wao wenyewe."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akamwita katibu wa usharika, dada mmoja mwenye kompyuta mpakato, akatuamuru tutoke. Mke wangu alivuka uwanja kwenda kwa mama aliyekuwa mgonjwa katika nyumba za jirani. Hakutaka kuwa karibu na mahali anaposemwa. Mimi nilikusudia kumfuata, lakini mvua ikashuka ghafla kama inavyoshuka huku kwetu, na nafasi pekee kavu ikawa benchi lililokuwa chini ya dirisha la ofisi. Mabati ya ofisi yamefunikwa nyasi kwa ndani, hayapigi kelele. Nikasikia kila kitu.

"Andika," mchungaji akamwambia katibu. "Nimemjua tangu akiwa msichana wa kipaimara. Andika kwamba alikuwa akija kwa miguu, na siku ya swali asilolijua hakukisia. Alisema sijui. Wengine wote walikisia."

Vidole vikagonga.

"Andika kwamba kulikuwa na familia moja huko njia ya Bugomora iliyotengwa na kanisa kwa makosa yaliyojulikana, na ikafiwa na mtoto. Nilikuwa safarini. Wazee walisita kwenda. Yeye alikwenda. Hakuvunja utaratibu, hakuvaa joho, hakuendesha ibada asiyoruhusiwa. Alikwenda akapika, akaosha vyombo, akalala kwenye majani pamoja na wafiwa. Nilipouliza kwa nini, alisema aliyetengwa si sufuria lao."

"Niandike hivyo hivyo, Baba? Sufuria?"

"Hivyo hivyo. Andika kwamba ndugu wawili waliogombana juu ya mpaka wa kibanja aliwapatanisha bila kuhubiri. Alikwenda kila Jumatatu akapalilia pale pale kwenye mpaka, hadi wakaona aibu wakaja kumsaidia."

Mambo hayo niliyajua yote. Nilikuwa nyumbani wakati aliporudi kutoka Bugomora na majani yakiwa bado kwenye nywele zake. Nilikumbuka Jumatatu zile, na viatu vyake vyenye tope mlangoni. Lakini nilikuwa nimeyajua moja moja, kila moja siku yake, kama mambo ya nyumba. Sikuwahi kuyasikia yakisemwa kwa mfululizo na sauti ya mtu mwingine. Niliketi kwenye benchi lile, maji ya mvua yakiruka hadi magotini, nikitambua kwamba mwanamke anayeelezwa ndani ni mtu ambaye ningesafiri mbali ili nimwone.

Mwishoni mchungaji akasema: "Andika kwamba kwa hayo, nampendekeza bila shaka yoyote. Hilo wanalitaka, wape. Kisha ongeza mstari mmoja."

"Upi, Baba?"

"Masomo yakiisha, mturudishie."

Katibu akasita. "Si ndilo lililoleta shida?"

"Ndilo. Liache. Barua ya kwanza waliona tunamtupa. Wakiisoma ya pili wataelewa kwamba tunamwazimisha."

Muhuri ukagongwa. Safari hii bahasha ilipelekwa jimboni kwa mkono, na mchungaji mwenyewe akawa juu ya bodaboda, kanzu ameikunja kwenye mfuko wa nailoni.

Jibu lilirudi kupitia ofisi ya jimbo. Amepokelewa. Akina mama wa mtaa walipiga vigelegele kanisani, na mzee wa kibanja jirani akaniletea sufuria kama zawadi ya maombolezo. Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi Kayanga kupanda basi. Pale stendi nilimpandishia begi, nikamkumbusha asikae upande wa jua, nikamwuliza mara mbili kama ana maji. Alipokuwa amekwisha kuketi alifungua dirisha.

"Mwalimu, huna la kuniambia?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na maneno yote niliyoyasikia chini ya dirisha lile, yamejaa kifuani. Lakini kulikuwa na watu, na mimi ni mtu wa kwetu.

"Hujui kumenya ndizi," nikamwambia.

Akafunga macho kidogo, kama anayepokea kitu mkononi. "Asante, mume wangu," akasema. Basi likaondoka.

Sasa nyumba ina sauti ambazo sikuwahi kuzisikia alipokuwepo: jogoo wa jirani, bati linalojinyoosha juani, na nyayo zangu mwenyewe. Namenya ndizi zangu, na nakiri kwamba namenya nene. Buni ikidondoka nje ya mkeka naiokota, moja moja. Mtandao haupatikani vizuri bondeni, kwa hiyo jioni napanda juu kwenye mgomba wa mwisho wa kibanja, mahali simu inaposhika, naye ananieleza kuhusu Kigiriki kinachomtesa na chakula chao kisicho na ndizi. Ananiuliza kuhusu kahawa, kuhusu mchungaji, kuhusu wale ndugu wa mpaka. Najibu kwa ufupi. Siku moja nilimwambia kwamba nilisikia jambo la sufuria. Akasema mtandao unakatika, ingawa mimi nilikuwa namsikia akipumua.

Naujua utaratibu wa kanisa langu na ninauheshimu. Anayehitimu hupangiwa kazi na dayosisi, si na mume wake wala na mchungaji aliyemwandikia barua. Anaweza kupelekwa Muleba, anaweza kupelekwa ng'ambo ya ziwa, na mimi ndiye nitakayeomba uhamisho kumfuata. Mchungaji mzee, ambaye amekwisha kustaafu na kurudi Nyabiyonza, analijua hilo kuliko mimi. Nilipomtembelea nilimwuliza kwa nini basi aliuweka mstari ule, hali anajua kwamba chuo hakina uwezo wa kuutimiza.

Alinisogezea kahawa ya kutafuna. "Mwalimu," akasema, "baba anayemtoa binti husema mturudishie. Umewahi kumwona anayetaka arudi?"

"Sijawahi."

"Basi. Hulisema ili binti alisikie."

Nilitafuna kahawa yangu. Jioni ile, nilipofika nyumbani, nilipanda hadi kwenye mgomba wa mwisho nikapiga simu, na alipoitika nilimsomea barua ya kwanza, yote, kwa jinsi ninavyoikumbuka, kuanzia huyu ni mtoto wetu, hajui mengi, hadi neno lile la mwisho. Hilo nililisema kwa niaba yangu mwenyewe.